Mume ameitwa Mombasa, mimi nina kazi ya kudumu Kisumu: kazi ya nani itangulie?

*Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi wa kaunti hapa Kisumu, nina miaka 36, na huu ni mwaka wa tisa tangu niajiriwe kwa kudumu. Mume wangu ni msimamizi wa mauzo katika kampuni inayosambaza bidhaa za madukani. Wiki iliyopita mkubwa wake alimpigia simu akamwambia wanamtaka awe meneja wa Pwani nzima, makao Mombasa, kuanzia mwezi ujao. Mshahara wake utatoka 95,000 hadi 145,000 kabla ya makato. Amepewa wiki mbili ajibu.*

*Anataka twende sote. Anasema Mombasa haikosi hospitali, kazi nitapata tu. Mimi hulipwa 78,000, na baada ya makato nabaki na kama 57,000. Hapo bado sijatoa 14,500 za mkopo wa Sacco. Mkopo wenyewe umebaki 420,000, na akiba yangu huko ni 210,000. Tuna watoto wawili, wa miaka 10 na 5, na tunapanga nyumba Migosi.*

*Miaka miwili iliyopita nilipata nafasi ya kusomea diploma ya juu ya uuguzi wa wagonjwa mahututi. Niliiacha kwa sababu yeye ndiyo kwanza alikuwa amebadilisha kazi. Sikulalamika. Sasa mama mkwe amenipigia simu kuniambia mke hufuata mume, na kwamba mwanawe asipopanda cheo nitajibu mimi. Simzuii mtu. Naogopa kuacha kazi ambayo sitaipata tena. Pia naogopa akikataa kwa ajili yangu, atakuwa ananitazama vipi miaka yote inayokuja. Kazi ya nani itangulie?*

*Muuguzi, Kisumu*

Marahaba mwanangu.

Mama mkwe tumweke kando kwanza. Usimjibu wewe. Mwanawe ndiye ampigie, amwambie, "Mama, tunapiga hesabu na mke wangu, tukimaliza nitakueleza mimi mwenyewe." Neno hilo likitoka kwako litakuwa ukaidi. Likitoka kwake ni taarifa tu. Asipotaka kumpigia, basi una jambo lingine la kuzungumza naye kabla hamjafika kwenye habari ya Mombasa.

Sasa kazi. Nimefanya kazi miaka mingi katika ofisi ya wafanyakazi, Nakuru, na barua za uhamisho zilikuwa zinapita mikononi mwangu kila mwezi. Watu wakija wawili kunieleza shida kama yenu, karibu wote walikuwa wanapima kitu kimoja: mshahara wa nani mkubwa. Kipimo hicho kimewaharibia wengi. Mimi nilikuwa nawauliza kwanza, kazi ipi ikiachwa leo inaweza kupatikana tena baada ya miaka miwili, na ipi ikiachwa imekwenda? Mtu wa mauzo akipoteza nafasi moja hubaki na ujuzi wake na majina ya wateja kwenye simu yake. Muuguzi wa kaunti akijiuzulu, kiti chake kinajazwa au kinafutwa. Akitaka kurudi anasubiri tangazo kama mtu aliyemaliza chuo jana, na akiajiriwa huenda akaanzia ngazi ya chini, miaka yake tisa isihesabiwe popote. Unachokiogopa kipo kweli, mwanangu. Si uoga wa bure.

Hata hivyo usisimame kwenye hofu, shika kalamu. Nyongeza ya mume wako kwenye barua ni 50,000. Haifiki nyumbani ikiwa 50,000. SHIF inachukua asilimia 2.75, ambayo ni 1,375, na ushuru wa nyumba asilimia 1.5, ambayo ni 750. Kinachobaki kiko kwenye ngazi ya PAYE ya asilimia 30, kwa hiyo serikali inakata kama 14,400 nyingine. NSSF inaweza kuongeza mamia kadhaa. Mkononi anabaki na nyongeza ya 33,000 hivi.

Sasa weka barua yako ya kujiuzulu kando ya hiyo 33,000. Siku utakayoiandika, 57,000 zinakoma, na mchango wa mwajiri kwenye pensheni yako unakoma siku hiyo hiyo. Nyumba yenu inapata 33,000 na kupoteza 57,000. Kila mwezi mnarudi nyuma 24,000, na hapo sijataja lori la kuhamisha vyombo, deposti ya nyumba mpya wala sare za shule. Mume amepandishwa cheo, nyumba imekuwa maskini. Sidhani mume wako ameliona hilo, na simlaumu. Mtu akisikia 145,000 kwenye simu, masikio hayasikii tena kingine.

"Kazi nitapata tu" nayo tuiwekee namba. Ili mrudi pale mlipo leo, si mbele, pale pale tu, lazima upate kazi ya kukuachia angalau 24,000 mkononi kuanzia mwezi wa kwanza. Leseni yako ya Baraza la Wauguzi ni halali nchi nzima, kwa hiyo hospitali za binafsi zinaweza kukuchukua. Ila nyingi hulipa chini ya kaunti, na nyingine hutoa mkataba wa miezi tu. Kazi ya kukulipa hizo 24,000 huenda ikapatikana. Ya kukulipa 57,000 na pensheni juu yake ni adimu.

Mwanauchumi mmoja, Jacob Mincer, aliandika mwaka 1978 kuhusu familia zinazohama, na wazo lake nimelitumia mara nyingi kwa sababu linaondoa lawama mezani. Alisema nyumba ikihama, mara nyingi kuna mmoja ambaye angekuwa peke yake asingehama. Na nyumba ikibaki, mara nyingi kuna mmoja ambaye angekuwa peke yake angekwenda. Kwa hiyo mkienda au mkibaki, kuna mtu amefungwa na mwenzake. Kuhama kunafaa pale tu faida ya mmoja inapozidi hasara ya mwingine, kiasi kwamba anayepata anaweza kumfidia anayepoteza na bado akabakiwa na kitu. Kwenu, ukijiuzulu, fidia hiyo haiwezekani. 33,000 haiwezi kulipa 57,000. Ukipata uhamisho wa kwenda Pwani na mshahara wako, hakuna wa kufidiwa sana, kwa sababu 33,000 yote ni faida. Kwa hiyo jibu la swali lako halitoki chumbani kwenu. Linategemea uhamisho wako, na hapo ndipo nguvu zenu zote ziende wiki hizi mbili.

Tangu huduma za afya zishuke kwa kaunti mwaka 2013, muuguzi si mtumishi wa Nairobi anayeweza kupelekwa popote kwa barua moja. Mwajiri wako ni Kaunti ya Kisumu. Mombasa ni mwajiri mwingine kabisa, mwenye bajeti yake na Bodi yake ya Utumishi wa Umma. Uhamisho unataka kaunti mbili zikubali: moja ikuachilie, nyingine ikupokee ikiwa na nafasi wazi ya kada yako na ngazi yako ya kazi. Wengi hukwama kwa kuanzia mwisho. Wanaomba kuachiliwa kwanza, Kisumu inauliza "unakwenda wapi?", hawana jibu, na barua inalala kwenye faili. Anza na anayepokea. Andika barua ya maombi Mombasa, kwa idara ya afya na nakala kwa bodi, ukiambatanisha barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini, leseni, vyeti na karatasi ya mshahara ya karibuni. Wakikuandikia kwamba wako tayari kukupokea, barua hiyo ndiyo unayoipeleka Kisumu kuomba kuachiliwa.

Usiandike Mombasa peke yake. Hapa naona watu wengi wakijifungia mlango. Mtwapa iko dakika chache kutoka Bamburi, lakini ni Kaunti ya Kilifi. Ukivuka feri ya Likoni ukaendelea na barabara ya Ukunda, umeingia Kwale. Mkipanga upande wa kaskazini unaweza kufanya kazi Kilifi na kulala nyumbani kwako kila siku, na mkipanga Likoni, Kwale inafikika. Barua tatu badala ya moja, gharama ni ile ile ya kupiga chapa. Na mume wako asitafute nyumba ya kudumu kabla hujajua ni kaunti ipi imekuitikia, maana feri ya asubuhi kwa mtu anayetakiwa kupokea zamu saa moja ni mateso ya kujitakia.

Njia inayofanikiwa mara nyingi kuliko zote ni kubadilishana. Pwani kuna wauguzi wa kutoka Nyanza na Magharibi ambao wazazi wao wamezeeka na wanatamani kurudi. Mtafute mmoja wa kada yako na ngazi yako. Nenda kwenye makundi ya simu ya wauguzi, ofisi ya tawi la chama chenu, watu mliosoma nao. Mkiandika pamoja, kila kaunti inapoteza mtu na kupata mtu, mishahara inabaki sawa, na afisa wa rasilimali watu hana sababu kubwa ya kukataa. Angalieni ngazi kwa makini. Mmoja akiwa juu ya mwingine, kaunti itakayompokea wa juu itasema haina bajeti, na miezi yenu imepotea.

Kuhusu muda nisikudanganye. Jambo hili huenda kwa miezi, si kwa wiki. Dalili ya kwamba linasonga ni karatasi: muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, nambari ya faili, jina la ofisi ambayo faili iko sasa. "Tunalishughulikia" bila nambari maana yake barua bado iko kwenye trei. Uliza pia, wakati huo huo, kama kaunti yenu inatoa likizo bila malipo kwa sababu za kifamilia na kwa muda gani. Likizo hiyo haileti pesa, ila inakulindia kiti chako.

Na sasa nakuambia jambo moja kwa ukali wa mama. Usiandike barua ya kujiuzulu kabla barua ya kupokelewa haijafika mkononi mwako, imesainiwa, ina tarehe ya kuripoti. Si ahadi ya mtu anayemjua mtu. Barua.

Kuna sababu nyingine ya kutokimbilia kujiuzulu ambayo hukuiuliza, na ni ile Sacco. Mkopo wako unakatwa kwenye mshahara kabla hujauona. Mshahara ukikoma, makato yanakoma, lakini deni liko pale pale. Sacco ikichukua akiba yako ya 210,000 kulipia, bado unabaki na deni la 210,000 na huna akiba hata senti. Ukichelewa kulipa, wanaoguswa ni wadhamini wako. Nina hakika wadhamini hao ni wauguzi wenzako, wale mnaopokezana zamu, ambao walisaini kwa sababu wanakuamini. Nimemwona mwanamke analia ofisini kwangu, si kwa sababu ya mume aliyehama wala kazi iliyokwisha, bali kwa sababu rafiki yake alikuwa ameanza kukatwa 4,000 kila mwezi kwa mkopo usio wake. Urafiki ule haukurudi. Kwa hiyo hata ukipata uhamisho, nenda Sacco kabla ya kuondoka, uandike jinsi makato yatakavyoendelea kutoka kwa mwajiri mpya. Mwezi mmoja ukipita katikati bila makato, lipa mwenyewe.

Basi mumeo ajibu nini? Hizo wiki mbili ni za kusema ndiyo au hapana. Hazimlazimishi kuhamisha nyumba nzima. Kabla ya kusema lolote aombe barua ya ofa, kwa sababu mpaka sasa, kwa maelezo yako, ana simu tu. Barua ioneshe mshahara wa msingi na marupurupu ya nyumba yakiwa mbalimbali, nani analipia lori, kama kuna malazi ya mwezi wa kwanza, na tarehe ya kuanza. Aombe tarehe isogezwe. Kampuni iliyomchagua mtu haimtupi kwa sababu ya wiki tatu. Kisha aulize swali ambalo wanaume wengi huona aibu kuliuliza: nafasi hiyo ikifungwa ndani ya mwaka mmoja, nitarudishwa Kisumu au nitaachwa Mombasa? Jibu liwe kwenye maandishi. Meneja wa eneo ni cheo kinachofutwa haraka kampuni inapobadilisha mipango, na mkiwa mmeshaacha kazi yako nyuma, cheo hicho ndicho mtakachokuwa mmebaki nacho.

Ushauri wangu ni kwamba akubali, atangulie peke yake, nawe ubaki kazini na watoto wabaki shuleni mpaka mwaka wa shule uishe. Watoto wakihama Januari wanaanza na wenzao. Wakihamishwa katikati ya muhula wanaingia darasani wakiwa wageni wa vitabu na wa marafiki kwa pamoja. Lakini kuishi nyumba mbili nako kuna bei, tuione. Bedsita ya Mombasa tuseme 10,000, chakula na stima na nauli za mjini 10,000, na kuja nyumbani mara moja kwa mwezi 6,000. Ni kilomita zaidi ya 800 kwa basi, kwa hiyo wikendi ya siku mbili itakwisha njiani, aombe Ijumaa na Jumatatu aziunganishe. Hizo ni 26,000 kati ya zile 33,000. Zinabaki 7,000. Hamtajenga kwa 7,000. Lakini linganisha na kurudi nyuma 24,000 kila mwezi, utaona kwamba mnanunua muda wa kusubiri barua ya kaunti, na mnaununua kwa bei mnayoiweza.

Bei nyingine utailipa wewe, na mume wako aijue kabla ya kupanda basi. Unafanya zamu za usiku. Akiwa Mombasa, usiku ukiwa wodini, nani yuko na mtoto wa miaka 5? Yaya anayeondoka jioni hafai tena. Mtahitaji anayelala, au dada yako, au ndiyo huyo mama mkwe mwenyewe, ambaye akija akakaa mwezi mmoja ataona kazi yako kwa macho yake badala ya kuisikia kwa simu. Zungumza mapema na msimamizi wa wodi kuhusu ratiba, usingoje mtoto augue. Na gharama ya yaya wa kulala itoke kwenye ile 7,000, isitoke kwenye mshahara wako, kwa sababu ni gharama ya cheo chake.

Wekeni tarehe ya mwisho. Bila tarehe, nyumba mbili huwa maisha. Nimeona waliosema "miezi michache" wakafika mwaka wa sita, mtoto anamjua baba kwa sauti ya spika. Semeni: tukifika Aprili, barua ya uhamisho ikiwa haijapatikana, tunakaa tena mezani. Meza hiyo itakuwa na mambo matatu tu. Ama arudi huku, kwa ile barua ya kampuni au kwa kutafuta kazi nyingine akiwa na cheo cha meneja kwenye wasifu wake. Ama muendelee nyumba mbili kwa mwaka mmoja zaidi mkijua mnachofanya. Ama ujiuzulu.

Na ikiwa itakuwa kujiuzulu, nisikilize vizuri, hapa naongea kwa yaliyonipata.

Mwaka 1996 niliacha kazi Nakuru nikamfuata mume wangu Kitale. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kunigombeza kwa ajili ya pesa. Kila asubuhi kabla ya kutoka aliinua kopo la sukari akaweka noti ya mia mbili chini yake. Hakusema kitu, nami sikusema kitu. Baada ya miezi, nilikuwa nikilala macho nikisubiri sauti ya lile kopo likiinuliwa, na siku nyingine alisahau, akatoka, nikabaki nalitazama. Nilihitaji viatu, sikumwomba. Mama yangu aliugua, nikamwomba, akanipa mara moja tena kwa upole, na bado niliona aibu ambayo sijui niieleze vipi. Miaka minne. Niliporudi kazini, msichana niliyemfundisha kufungua faili ndiye aliyekuwa mkubwa wangu.

Kwa hiyo kama utajiuzulu, fidia isiwe noti chini ya kopo. Iwe agizo la benki la kila mwezi, kutoka akaunti yake kwenda akaunti yako, siku ile ile mshahara wake unapoingia, bila wewe kuomba. Kiasi cha kwanza ndani yake ni 14,500 za Sacco, ili wadhamini wako walale. Cha pili ni akiba ya uzee kwa jina lako, kuziba pensheni iliyokatika. Cha tatu ni pesa yako wewe, isiyoulizwa. Leseni yako ilipiwe na mafunzo yake yafanyike kila inapotakiwa, hata kama huna kazi, kwa sababu leseni iliyokufa ni mlango wa pili kufungwa. Na mkinunua kiwanja Pwani, majina yawe mawili. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba usawa katika ndoa haumaanishi mali inagawanywa nusu kwa nusu moja kwa moja, kila mmoja huangaliwa mchango wake. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inahesabu pia kulea watoto na kutunza nyumba kuwa mchango, lakini mchango wa jikoni hauna risiti. Jina kwenye hati ni risiti. Simtabirii mtu talaka. Hata mume akifariki, Mungu apishe mbali, hati yenye majina mawili huweza kukuepusha na mikutano ya ukoo.

Umesema pia unaogopa atakavyokutazama akikataa. Hofu hiyo ina haki yake. Yeye naye akibaki Kisumu kwa ajili yako atakuwa amefungwa, na anastahili kuambiwa hivyo waziwazi, si kuachwa ajifanye haikumuuma. Lakini kuna deni ambalo tayari liko mezani na halijatajwa, nalo ni ile diploma ya wagonjwa mahututi. Uliiacha kimya, na aliyeachiwa kitu kimya hudhani hakikuwa na bei. Huenda hajui kabisa. Mwambie, si kwa kumshtaki, mwambie kama unavyosoma salio: "Zamu iliyopita nilisimama mimi." Kisha iandikeni hii kuwa sehemu ya makubaliano ya Mombasa. Akienda, masomo yako yanafuata, mwaka fulani, na karo inatoka kwenye nyongeza yake. Uhamisho ukikamilika na mkiwa pamoja Pwani, ile 33,000 inaweza kuibeba. Muuguzi mwenye utaalamu huo hakosi anayemtaka, na siku nyingine simu kama hii huenda ikakuita wewe.

Zungumzeni jioni watoto wakiwa wamelala, simu zikiwa chumba kingine, karatasi mbili za mshahara zikiwa mezani, yako na yake. Usianze na mama yake, wala usianze na kujiuzulu. Anza na 33,000. Mwache ahesabu mwenyewe kwa mkono wake mpaka aifikie ile 24,000, usimkatize. Mwanaume akifika kwenye namba kwa mkono wake haibishii.

Na kesho ukimaliza zamu, kabla hujavua sare, pita ofisini uombe nakala ya barua yako ya kuthibitishwa kazini. Ndiyo watu hukosa kwenye faili zao, na bila hiyo hakuna kaunti itakayosoma maombi yako.